Kabla hujalipia mtumba, soma uzee wake kwanza

Umesimama kwenye meza ya mitumba pale Karume, Ilala. Mkononi una jinzi ya elfu kumi na tano na muuzaji anakuapia kwamba ni "gredi wani, kama mpya". Ni kweli, au anakupanga?

Usibishane naye, iangalie nguo yenyewe. Kila nguo huzeeka kwa namna yake, na kuna dalili zinazosema imechakaa na nyingine zinazosema tu kwamba imevaliwa. Hizi hapa nne.

1. Kupauka

Rangi ya jinzi hukaa zaidi juu ya uzi, ndani uzi unabaki mweupe. Kila sehemu inaposuguliwa, rangi ya juu inatoka na weupe unajitokeza. Ndiyo maana jinzi hupauka mapajani, magotini, na pale mfukoni mtu anapoweka simu kila siku.

Ila kuna jinzi zinazopaushwa kiwandani kwa mawe, msasa au leza. Utazijuaje? Linganisha miguu miwili. Ya kiwandani mara nyingi inafanana kushoto na kulia, wakati ya kuvaliwa haina usawa: mfuko mmoja umepauka, mwingine bado.

Kupauka peke yake siyo tatizo. Tatizo liko katikati ya mapaja, maana hapo kitambaa husuguana kila hatua. Ingiza simu ndani ya suruali, washa tochi. Ukiona mwanga unapenya kwa vitundu, au nyuzi nyeupe za kulala tu ndizo zimebaki, hiyo jinzi inakaribia kuchanika hata kama nje inang'aa.

Kwa shati, inua kola ulinganishe rangi ya chini yake na ya mabegani. Mabega yakiwa yamefifia sana, nguo imekaa juani muda mrefu, na jua haliishii kwenye rangi, linadhoofisha na uzi. Vuta kitambaa taratibu usikie kama bado kina nguvu.

2. Vipele

Vile vidonge vidogo kwenye sweta hutokea nyuzi fupi zinapochomoka kwa kusuguliwa na kujiviringisha. Cheki kwapani, kwenye mikono na ubavuni begi linapogusa.

Hapa wengi hushangaa: vipele vingi havimaanishi nguo imevaliwa miaka mingi. Kwenye pamba tupu, vipele vingi hukatika na kudondoka vyenyewe. Kwenye mchanganyiko wa pamba na poliesta, uzi wa poliesta ni mgumu kukatika, kwa hiyo unavishikilia. Sweta la akriliki linaweza kujaa vipele baada ya kufuliwa mara chache tu.

Vipele unaweza kuvinyoa. Ila ukivinyoa unapunguza kitambaa, kwa hiyo sweta ambalo tayari ni jepesi kwenye viwiko liache.

3. Mikunjo

Nguo iliyotoka kwenye belo lazima iwe na makunyanzi, imegandamizwa wiki kadhaa. Kwa pamba na kitani hiyo isikutishe. Maji kidogo na pasi ya moto vinalegeza uzi, unanyooka.

Mkunjo wa kuogopa ni ule wenye mstari mweupe juu yake, hasa kwenye ukingo wa kola na mwisho wa mikono. Pale uzi umeshasagika kwa kukunjwa na kusuguliwa sehemu ileile, na hakuna pasi ya kuurudisha. Pitisha kidole. Ukisikia manyoya au pengo, kola hiyo iko njiani kupasuka.

4. Mng'ao wa kutumika

Kwenye koti au mkoba wa ngozi halisi, uzee unaweza kuongeza uzuri. Mafuta ya mikono, jua na kusuguliwa huifanya ngozi iwe nyeusi zaidi na laini pale inaposhikwa, mfano kwenye mpini. Hiyo inasema mwenyewe aliitumia sana na ngozi imehimili.

Ngozi bandia haizeeki hivyo. Ile tabaka ya plastiki ya juu huharibiwa polepole na unyevu, na kwa joto la Dar kazi inaenda haraka. Inaanza na nyufa ndogo kwenye mikunjo ya kiwiko, halafu inabanduka kama magamba. Ikishaanza, rangi ya viatu itaficha tu, haitaponya.

Na ule mng'ao wa kwenye makalio ya suruali ya suti? Huo siyo sifa. Nyuzi zimelala kwa kukaliwa, au zimeungua kwa pasi. Kama ni sufu, mvuke unaweza kuzisimamisha kidogo. Kama ni poliesta iliyoyeyuka, ndiyo basi tena.

Sasa rudi kwa ile jinzi ya elfu kumi na tano. Imepauka mapajani, mguu wa kulia zaidi, kwa hiyo ilivaliwa kweli. Tochi haipenyi katikati. Lipia, ila anza na elfu kumi.