Ufuta Mweupe, Ufuta Uliomenywa, na Maneno ya Kibandiko

Miezi ya Mei na Juni, katika vijiji vya Kilwa na Lindi, mabua ya ufuta hukatwa na kusimamishwa yakauke. Vibumba vyake hupasuka vyenyewe, nazo mbegu hukung'utwa juu ya turubai. Mbegu hizo ni nyeupe au za rangi ya maziwa yaliyoiva, na ni nzima, yaani ganda lake jembamba bado limo. Lakini katika maduka ya mjini ufuta huonekana pia katika mfuko wenye kibandiko kisemacho "Kalsiamu kwa wingi". Je, ni mbegu ile ile?

Yafaa kwanza kuhakikisha kuwa kilichomo ni ufuta. Mbegu ya ufuta ina urefu wa milimita tatu hivi na umbo la tone la maji. Ya kitani ni kubwa zaidi, bapa, yenye ncha moja, nayo hung'aa kana kwamba imepakwa mafuta. Huwa ya kahawia au ya dhahabu. Chia, ambayo asili yake ni Meksiko na Guatemala, ni ndogo kuliko zote, ya mviringo uliorefuka kidogo, yenye madoa ya kijivu, nyeupe na nyeusi. Mbegu ya boga haihitaji maelezo, ila kiini chake cha kijani kisidhaniwe kuwa mmea mwingine. Ni mbegu ile ile iliyovuliwa ganda jeupe.

Macho yakishindwa, maji husaidia. Kijiko kidogo cha mbegu kikilowekwa katika nusu glasi ya maji kwa robo saa, chia na kitani hutoa ute. Ufuta na boga hazitoi. Hapa watu wa pwani hawana budi kujihadhari, kwani mbegu za mrehani nazo hutoa ute, tena upesi kuliko chia. Tofauti ni kwamba mrehani ni mweusi mtupu, hauna madoa.

Turudi kwenye kalsiamu. Gramu 100 za ufuta mzima huwa na kalsiamu kiasi cha miligramu 975. Ufuta uliomenywa, kwa uzito huo huo, huwa na miligramu 60 hivi tu. Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya kalsiamu imo katika ganda. Mbegu zinapoloweshwa na kusuguliwa ili ganda litoke, ladha hupungua uchungu, lakini kalsiamu hutupwa pamoja na makapi.

Sasa kibandiko kipimwe. Kwa mwongozo wa Kodeksi, chakula kikavu kiitwacho "chanzo cha kalsiamu" sharti kiwe na angalau asilimia 15 ya kipimo cha siku katika gramu 100. Kipimo cha siku ni miligramu 1,000, hivyo zahitajiwa 150. Na kwa neno "kwa wingi", maradufu, yaani 300. Ufuta mzima hupita kwa mbali. Uliomenywa haufiki hata daraja la kwanza. Mzazi aliyelipa zaidi kwa ajili ya mifupa ya mtoto amenunua mafuta na protini, si kalsiamu.

Weupe hauonyeshi kuwa mbegu imemenywa. Hilo ndilo kosa la kawaida. Ufuta mzima mweupe hauna mng'ao, na chini ya kioo cha kukuzia huonekana mstari mwembamba uliozunguka ukingo wake. Uliomenywa hung'aa na kuteleza kidogo kwa mafuta. Mbegu zikiloweshwa usiku kucha kisha zikasuguliwa kwa vidole, ile nzima huacha ngozi nyepesi majini. Darasani waweza pia kuotesha mbegu 20 juu ya pamba mbichi: ufuta mzima ulio hai huchipua katika siku chache. Lakini usipochipua, jaribio halisemi kitu, kwani waweza kuwa umekaangwa au umezeeka.

Hata ufuta mzima una mpaka wake. Kijiko cha chakula, gramu 9 hivi, kina miligramu 88, na sehemu kubwa ya hizo imefungwa na asidi ya oksaliki kwenye ganda, hivyo mwili hupata kidogo tu. Kikombe cha maziwa kina takriban 300, tena zinazofyonzwa vizuri zaidi.

Neno jingine lipendwalo na wauzaji ni "omega 3". Kitani huwa nayo gramu 23 hivi katika 100, na chia 18. Ufuta haufiki hata nusu gramu, na boga ni chini ya hapo. Tena kitani isiposagwa, nyingi hupita tumboni nzima kama zilivyoingia. Mfuko wa ufuta unaojisifia omega 3 umeazima sifa ya jirani.