Mchungwa wenye majani mengi bila maua: tuangalie chini ya shina

Safari hii tuzungumze juu ya mchungwa wa mama mmoja wa kikundi chetu hapa Bunia. Alinunua mti uliogrefewa, yaani mti wa machungwa matamu ulioungwa juu ya shina la mlimau mwitu, maana aliambiwa kwamba mti wa namna hiyo huzaa haraka, baada ya miaka 3 hivi. Mwaka wa 5 ukafika. Mti ulikuwa mrefu kupita paa la jiko, majani yakiwa ya kijani kibichi kabisa, lakini hata ua moja hakuliona. Baba watoto akasema ukatwe, kuni zipatikane.

Mama alidhani mti una njaa. Akaumwagia mbolea ya mbuzi na maganda ya jikoni kila mwezi. Mti ukazidi kurefuka. Hilo si ajabu: samadi nyingi huupa mti nguvu ya kutoa majani, na mti unaoendelea kutoa matawi laini hauna haraka ya kuchanua.

Kisha akatuma picha kwa simu kwa mtu anayefanya kazi ya kitalu. Picha ya kwanza ilionyesha mti mzima, wala haikusaidia sana. Yule mtu akaomba nyingine 2: moja ya shina, kuanzia udongoni mpaka kiunoni, na moja ya tawi kwa karibu, mkono ukiwa kando ili ukubwa uonekane.

Picha ya shina ndiyo iliyosema kweli. Karibu sentimeta 20 juu ya udongo kulikuwa na mahali shina limepinda kidogo, na ganda la juu halikufanana na ganda la chini. Hapo ndipo miti 2 iliungwa. Matawi yote manene yalikuwa yametoka chini ya hapo, yakasimama wima, yenye miiba mirefu kama kidole. Juu ya kiungo kulibaki tawi moja tu, jembamba, lenye miiba midogo, limefunikwa na kivuli cha mengine.

Alipoulizwa, mama akakumbuka: mwaka wa kwanza mbuzi alikula kichwa cha mti. Ulipochipuka tena akafurahi, kumbe kilichochipuka kwa nguvu ni mlimau wa chini. Shina hilo huoteshwa kwa mbegu, na matawi yake ni kama ya mtoto: yana miiba mingi, na yanaweza kukaa miaka mingi kabla ya kuchanua. Hata yakichanua, yatatoa malimau makali, si machungwa.

Kwa kuwa tawi la juu lilikuwa bado hai, dawa ilikuwa kisu. Alikata nusu ya matawi ya chini kwanza, nusu nyingine baada ya miezi 3, ili mti usishtuke. Alikata sawasawa na shina bila kuacha kisiki, maana kisiki huchipuka tena. Akapaka shina chokaa ili jua lisiunguze ganda lililozoea kivuli. Samadi akaisimamisha. Chipukizi lolote jipya chini ya kiungo alilichomoa kwa mkono likiwa bado laini.

Mwaka wa kwanza tawi lilinenepa tu. Mwaka uliofuata, jua la Januari na Februari lilipopita na mvua za Machi kurudi, likatoa maua meupe. Yalibaki machungwa 6, na baba watoto alikula 2.

Kama juu ya kiungo hakuna kilichobaki hai, usingoje. Chagua chipukizi moja lenye unene wa kalamu, kata mengine, kisha umwite mtu anayejua kugrefe aweke jicho kutoka kwa mchungwa unaozaa. Hapo utahesabu tena miaka 2 au 3.

Lakini picha ina mipaka. Haisemi umri wa mti, wala haina harufu: jani la mlimau ukilifikicha hunuka limau, na hilo utalijua wewe uliye karibu. Picha pia haisemi kama mti uliotwa kwa mbegu tangu mwanzo. Mchungwa wa mbegu hauna kiungo, na kungoja miaka 7 au 8 si ugonjwa.

Basi kabla ya kushika panga, inama. Futa majani yaliyooza kwenye shina, tafuta mahali palipoungwa, kisha ufuate kila tawi kwa kidole mpaka ujue limetoka juu au chini. Piga picha hapo. Na mbuzi mfungeni mbali.