Kuingia ni Kimoja, Ruhusa ni Kingine

Ofisi yenye meneja, mhasibu na karani wa mapokezi inapoanza kutumia mfumo wa kompyuta, mara nyingi kila mtu hupewa akaunti yenye mamlaka yote. Nenosiri la karani ni sahihi, mfumo umemtambua, na sasa anaweza kufuta ankara za mwaka mzima.

Hapo kazi mbili zimechanganywa. Uthibitishaji huuliza: je, huyu ndiye anayedai kuwa? Nenosiri hujibu swali hilo, na tarakimu za muda kwenye simu huongeza uhakika. Uidhinishaji hufuata, tena kwa kila jambo analotaka kufanya: je, tuliyemtambua anaruhusiwa hili?

Kwa hiyo panga majukumu kwanza. Mapokezi wasajili wateja na kuona ankara. Uhasibu uandike ankara na malipo. Kufungua akaunti kubaki kwa meneja. Kisha kila mtu apewe akaunti yake. Akaunti ya pamoja naipinga kabisa, maana kumbukumbu za mfumo zitaonyesha jina moja, na hutajua nani alifuta nini.

Halafu fungua akaunti ya majaribio yenye jukumu la mapokezi, ujaribu kufuta ankara. Kwenye mifumo ya wavuti, jibu la 401 humaanisha hujatambuliwa. 403, umetambuliwa lakini huna ruhusa. Hapa unatafuta 403. Usitosheke na kitufe kilichofichwa: anayejua anwani ya ukurasa anaweza kuiandika mwenyewe, hivyo ni lazima seva yenyewe ikague ruhusa.