"Kushawishi Uvunjaji wa Mkataba" na "Njama"

Istilahi hizi hazihusu kila tendo linalompunguzia mshindani faida. Mwaka 1853, katika shauri la Lumley na Gye, mahakama ya Uingereza iliamua kwamba meneja wa jumba la opera anayemshawishi mwimbaji avunje mkataba na jumba jingine, hali akijua kuwa mkataba huo upo, aweza kudaiwa fidia. Lakini mwaka 1891, katika shauri la Mogul, wenye meli walioungana kupunguza nauli ya shehena ya chai kutoka China, wakamtia mshindani hasarani, hawakuwajibika: hawakutumia njia haramu, na shabaha yao ilikuwa kulinda biashara yao. Kwa hiyo mfasiri asiyaite mapatano hayo "njama". Neno hilo libaki kwa mapatano yenye lengo kuu la kudhuru, au yatumiayo njia haramu.