Wiki 23 za Nafuu: Jinsi ya Kuwahesabu Wagonjwa Ambao Mwisho Wao Haujajulikana

Mwaka 1963, Emil Freireich na wenzake nchini Marekani walitoa matokeo ya jaribio la dawa ya merkaptopurini kwa watoto na vijana 42 wenye saratani ya damu. Wote walikuwa wamekwisha kupata nafuu kwa matibabu ya awali. Nusu yao, 21, walipewa dawa hiyo, na 21 wengine wakapewa vidonge visivyo na dawa ndani yake. Swali lilikuwa moja: nafuu itadumu muda gani kabla ugonjwa haujarudi?

Katika kundi lisilopata dawa, jibu lilikuja mapema, na la kuhuzunisha. Wote 21 walirudiwa na ugonjwa ndani ya wiki 23, na nusu yao walikuwa wamerudiwa kufikia wiki ya 8.

Waliopata dawa ndio waliotatiza hesabu. Muda wao, kwa wiki, ulikuwa huu:

6, 6, 6, 6+, 7, 9+, 10, 10+, 11+, 13, 16, 17+, 19+, 20+, 22, 23, 25+, 32+, 32+, 34+, 35+

Alama ya kujumlisha inamaanisha kwamba mara ya mwisho mgonjwa alipoonekana, bado alikuwa na nafuu. Mwenye 17+ alikaa salama wiki 17 angalau, yaliyofuata hayajulikani. Wanatakwimu husema muda wake umekatika. Kati ya wagonjwa 21, waliokatika hivyo ni 12.

Wafanyweje hawa 12? Wakitupwa nje, wanabaki tisa waliorudiwa, na nusu yao inafikiwa wiki ya 10. Dawa itaonekana haikufanya kitu, kwa sababu waliotupwa ni pamoja na wale walionufaika muda mrefu kuliko wote. Wakihesabiwa kana kwamba hawatarudiwa kamwe, dawa itasifiwa kuliko inavyostahili, maana itaonekana imewalinda watu 12 kati ya 21, yaani asilimia 57.

Njia ya haki ilikuwa imechapishwa mwaka 1958 na Edward Kaplan na Paul Meier. Kaplan alikuwa akichunguza uhai wa vali za umeme katika mitambo ya simu, na Meier alishughulika na takwimu za tiba. Kila mmoja alikuwa ameandika peke yake, kisha wakaunganisha kazi zao.

Wazo lao ni kuugawa muda vipande vipande. Kila ugonjwa unaporudi kwa mtu, huulizwa: wakati huo ni wangapi walikuwa bado wanafuatiliwa wakiwa salama, na wangapi kati yao waliponyoka? Sehemu hiyo huzidishwa kwa makadirio yaliyotangulia.

| Wiki | Waliokuwa wakifuatiliwa | Waliorudiwa | Makadirio ya kubaki salama |
|---|---|---|---|
| 6 | 21 | 3 | 0.857 |
| 7 | 17 | 1 | 0.807 |
| 10 | 15 | 1 | 0.753 |
| 13 | 12 | 1 | 0.690 |
| 16 | 11 | 1 | 0.627 |
| 22 | 7 | 1 | 0.538 |
| 23 | 6 | 1 | 0.448 |

Wiki ya 6, kati ya watu 21, 18 walibaki salama: 18/21, yaani 0.857. Mwenye 6+ naye yumo katika 21 hao, kisha anatoka. Ndiyo maana wiki ya 7 inaanza na watu 17. Mmoja anarudiwa, 16 wanabaki, na 0.857 × 16/17 inatoa 0.807. Aliyekatika haishushi mstari. Anachangia wiki zote alizoonekana, halafu anaondoka kwenye hesabu.

Mstari huo, uchorwapo, hushuka kama ngazi. Unapita chini ya nusu wiki ya 23. Ukiulinganisha na wiki 8 za wasiopata dawa, tofauti haina haja ya kuelezwa zaidi.

Hata hivyo, mkia wa mstari unahitaji tahadhari. Baada ya wiki ya 23 unanyooka hadi wiki ya 35, na mtu anaweza kudhani asilimia 45 wamepona. Lakini wamebaki watano tu, na hakuna aliyefuatiliwa zaidi ya wiki ya 35.

Hatari kubwa zaidi ni sababu ya kukatika. Hesabu hii inachukulia kwamba aliyeondoka ana bahati sawa na waliobaki. Mtu akikatika kwa sababu utafiti umefungwa, dhana hiyo inasimama. Akiacha kuja kliniki kwa sababu amezidiwa, inaanguka. Katika matibabu ya virusi vya ukimwi barani Afrika, watafiti waliowasaka wagonjwa waliopotea kliniki waligundua kwamba wengi walikuwa wamekwisha kufariki. Mstari uliowahesabu kama waliokatika tu ulikuwa juu kuliko ukweli, na jedwali lenyewe halikuonyesha kosa hilo.

Kwa hiyo, msomaji anayeonyeshwa mstari wa namna hii aulize mambo mawili kabla ya kuuamini: ni watu wangapi walikuwa wamebaki katika kila hatua, na walioondoka waliondoka kwa nini.