Marafiki Wawili na Maswali ya Ufahamu

Wanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza hapa Uganda hupenda kujiandaa kwa jaribio la ufahamu kwa kuulizana maswali wawili wawili. Njia hii tunaiunga mkono, ila tumeona kuwa maswali yao mengi hunakiliwa tu kutoka katika kifungu. Ili kuonyesha tatizo, tumetunga kifungu kifupi na mazungumzo juu yake.

"Mzee Mugisha alimuuzia Apio ng'ombe wawili. Apio aliomba asubiriwe hadi Ijumaa kwa kuwa alikuwa hajalipwa fedha za kahawa yake. Ijumaa ilipofika alikwenda na fedha zote, lakini akapewa mmoja tu."

Nakato: Haya, nani alimuuzia Apio ng'ombe?

Opio: Mzee Mugisha. Hilo rahisi mno!

Nakato: Basi nani alitakiwa kusubiri?

Opio: Apio.

Nakato: Hapana bwana, soma tena.

Opio: "Apio aliomba asubiriwe." Si huyo huyo Apio?

Nakato: Angeomba kusubiri, sawa. Lakini ni asubiriwe. Wa kusubiri ni mzee.

Opio: Ala! Haya, zamu yangu. Apio alipewa mmoja nini?

Nakato: Ng'ombe.

Opio: Neno hilo halipo katika sentensi ile. Umejuaje?

Nakato: Fedha haziwi "mmoja".

Opio: Na kwa nini alipewa mmoja?

Nakato: Mzee alikuwa amemuuza yule mwingine.

Tuanze na swali la kwanza. Hebu tubadilishe maneno yasiwe na maana yoyote: "Mzee Mugisha alimtofulia Apio mabuzu mawili." Nani alimtofulia Apio mabuzu? Kila mwanafunzi atajibu vizuri, ingawa hakuna ajuaye kutofua ni kufanya nini. Swali la namna hiyo hupima macho tu.

Swali la pili ni tofauti. Mwanafunzi aliyezoea kulichukua jina la kwanza kuwa ndilo la mtenda huanguka hapo, kwa sababu kiambishi -w- kimemgeuza Apio kuwa mtendwa. Mwalimu akisahihisha na kukuta jibu "Apio", ajue kwamba udhaifu uko katika kauli ya kutendwa. Msamiati wa kifungu huenda mwanafunzi anaujua wote. Swali la "mmoja nini" nalo linadai upatanisho wa kisarufi: "mmoja" hapa linarejelea ng'ombe, na fedha zingedai umbo jingine. Hapo Nakato ameelewa kwa kusoma sentensi zote tatu pamoja.

Jibu lake la mwisho, hata hivyo, tungelinyima alama. Huenda mzee aliuza ng'ombe mwingine, huenda alikufa, huenda bei ilipanda. Kifungu hakisemi. Jibu sahihi lilikuwa "Kifungu hakikueleza", na wanafunzi wetu huogopa sana kuliandika.