Homa ya Mtu Asiye na Bandama

Weka kiganja kwenye mbavu za chini za upande wa kushoto, ubavuni kuelekea mgongoni, nawe utakuwa umeifunika bandama, au wengu. Kwa mtu mzima mwenye afya ina uzito wa gramu 150 hivi, na kwa kuwa imejificha nyuma ya mbavu, mkono wa daktari kwa kawaida hauigusi mpaka ivimbe. Wengi tunaijua kwa uvimbe huo, hasa kwa watoto waliougua malaria mara kwa mara. Kazi yake ya kila siku haijulikani sana, ilhali ndiyo inayoeleza kwa nini homa ya mtu aliyeondolewa bandama haipaswi kungoja mpaka kesho.

Kazi ya kwanza ni kuchuja damu. Chujio la chai hushika kilicho kikubwa. Bandama hushika kilicho kigumu. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa mikroni 7 hadi 8, na ndani ya bandama hulazimika kupenya kwenye nyufa zenye upana wa mikroni moja hivi. Chembe changa ni laini, hivyo hujikunja ikapita. Iliyozeeka, baada ya siku 120 hivi za kuzunguka mwilini, imekakamaa. Hukwama, ikaliwa na seli walaji zilizokaa pembeni mwa nyufa hizo. Na pale chembe nzuri inapobeba kitu kisichotakiwa, bandama hukinyofoa na kuiacha chembe iendelee na safari. Hivyo ndivyo inavyovinyofoa hata vimelea vya malaria vilivyouawa na dawa.

Bandama ikiondolewa, ushahidi huonekana kwenye hadubini. Katika tone la damu lililotandazwa kwenye kioo na kutiwa rangi, baadhi ya chembe nyekundu huwa na nukta moja ya zambarau iliyoiva, duara kamili. Hayo ni mabaki ya kiini ambayo bandama ingeyanyofoa. Wataalamu wa maabara huziita nukta za Howell-Jolly, na mwenye jicho zuri akiziona anaweza kutambua kwamba mgonjwa hana bandama, au anayo lakini haifanyi kazi, kabla hajaambiwa.

Mabaki hayo hayamdhuru mtu. Hatari iko kwenye kazi ya pili, yaani ulinzi. Wapo bakteria waliojifunika ganda la sukari linaloteleza, kiasi kwamba seli walaji haziwashiki kwa urahisi. Maarufu kati yao ni nimokokasi, anayesababisha nimonia na homa ya uti wa mgongo. Meningokokasi naye yumo. Ili waliwe, sharti kwanza wapakwe kingamwili. Kwenye bandama ziko seli maalumu zinazoweza kutengeneza kingamwili hizo upesi, hata kama mwili haujawahi kumwona bakteria huyo. Damu nayo hupita hapo polepole, hivyo seli walaji hupata nafasi ya kumkamata hata ambaye hajapakwa vya kutosha. Ini hubeba sehemu kubwa ya kazi ya kuchuja baada ya bandama kutoka, lakini lenyewe huhitaji bakteria aliyekwisha kupakwa kingamwili nyingi.

Tuchukue mfano wa kijana wa miaka 24 anayeendesha bodaboda. Anaanguka, usukani unampiga mbavu za kushoto. Analalamika tumbo, na pia bega la kushoto ambalo halikuguswa, kwa kuwa damu iliyovuja tumboni inasumbua kiwambo kinachotenganisha tumbo na kifua. Bandama iliyochanika kidogo siku hizi mara nyingi huachwa ipone yenyewe, mgonjwa akiwa chini ya uangalizi. Huyu presha yake inashuka, kwa hiyo anapasuliwa na bandama inatolewa. Upasuaji umemwokoa. Wiki zinazofuata chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zinapanda, maana karibu theluthi moja yake huhifadhiwa ndani ya bandama. Madaktari huzifuatilia wakihofia damu kuganda kwenye mishipa, hasa ule unaoingia kwenye ini.

Kisha anarudi kazini, na miaka mitatu inapita. Siku moja mchana anaanza kutetemeka, kichwa kinamuuma, anatapika. Kwenye zahanati anapimwa malaria kwa kipimo cha haraka, majibu yanasema hana, anapewa parasetamo na kuambiwa arudi asipopata nafuu. Usiku mikono yake ni ya baridi, maneno yake hayaeleweki, na madoa ya zambarau yanajitokeza kwenye ngozi. Huo ni ugonjwa uleule wa bakteria kuenea kwenye damu ambao madaktari wawili wa Marekani, King na Shumacker, waliuandika mwaka 1952 kwa watoto wachanga waliokuwa wameondolewa bandama. Hautokei kwa wengi, lakini kati ya wanaoupata hadi nusu hufa, mara nyingi ndani ya siku moja au mbili. Hatari ni kubwa zaidi miaka michache ya mwanzo, nayo haiishi maisha yote.

Kosa lilikuwa kuchukulia kwamba aliyekosa malaria anaweza kusubiri. Kwa mtu asiye na bandama, homa hutibiwa kwanza kwa antibiotiki, kwa kawaida seftriaksoni ya mshipa, na vipimo vya damu visiicheleweshe. Malaria ipimwe pia, kwa kuwa kwake inaweza kuwa kali zaidi, lakini kukutwa na vimelea hakuthibitishi kwamba bakteria hawamo. Anayeishi mbali na hospitali hupewa na daktari wake dozi ya antibiotiki ya kukaa nayo nyumbani, aimeze homa inapoanza, halafu aondoke mara moja. Hata akiumwa na mbwa, asingoje kidonda kivimbe. Anahitaji antibiotiki siku hiyohiyo, pamoja na kinga ya kichaa cha mbwa.

Chanjo hufanya kazi ambayo bandama ingeifanya: huandaa kingamwili mapema, ili ini limkute bakteria amekwisha kupakwa. Kijana wetu hakuwahi kuchanjwa utotoni dhidi ya nimokokasi, kwa sababu Kenya ilianza kuitoa kwa watoto mwaka 2011 na Tanzania mwaka 2013. Bandama inapoondolewa kwa mpango, chanjo hutolewa angalau wiki mbili kabla. Kwa ajali, wiki mbili baadaye, au siku ya kuruhusiwa ikiwa kuna shaka kwamba mgonjwa atarudi. Hazizuii aina zote za bakteria, kwa hiyo aliyechanjwa bado hukimbilia hospitali homa ikimshika.

Kundi kubwa la wasio na bandama katika ukanda wetu, hata hivyo, halijawahi kupasuliwa. Ni wenye selimundu. Chembe zao ngumu huziba mishipa ya bandama tena na tena, hata kufikia miaka mitano, kwa wengi bandama huwa imesinyaa na kufa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1986 ulionyesha kwamba penisilini ya kumeza mara mbili kwa siku ilipunguza maambukizi ya nimokokasi kwa watoto wenye selimundu kwa asilimia 84. Ndiyo maana watoto hao huanzishiwa penisilini wakiwa wachanga na kuendelea nayo angalau mpaka miaka mitano.

Kwa hiyo ukiwa na kovu la upasuaji huo, au mtoto mwenye selimundu, uliza ni chanjo zipi zimetolewa na zipi zimebaki, na uyaandike majibu kwenye kadi. Homa ikianza, mwambie muuguzi wa mapokezi kabla ya kutaja dalili nyingine yoyote kwamba mgonjwa huyu hana bandama, na umwombe daktari aitwe kabla ya foleni.